Waya wa optiko unawaka taa nyekundu lakini sabufa iko kimya

"Fundi, waya umekufa." Wengi wanaoniletea waya wa optiko hapa Mwanga, Kigoma, huanza na maneno hayo, na wengine huwa wameshanunua waya wa pili au wa tatu kabla ya kufika kwangu. Ninaupima mbele yao, na mara nyingi waya ni mzima kabisa. Tatizo huwa ni kichwa cha waya ambacho hakijaingia mpaka mwisho, au runinga inayotuma sauti kwa muundo ambao kifaa cha upande wa pili hakiuelewi. Hilo la pili ndilo linalowatesa watu zaidi, kwa sababu kila kitu kinaonekana kiko sawa: taa inawaka, waya umekaa, sabufa ina umeme, na bado ni kimya.

Waya huu haubebi umeme, unabeba mwanga. Kampuni ya Toshiba iliutoa mwaka 1983 kwa ajili ya kuunganisha mashine zake za CD na redio, na ndiyo maana maduka mengine bado yanauita Toslink. Ndani yake kuna uzi wa plastiki wenye unene wa milimita moja hivi. Upande wa runinga kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde, na upande wa sabufa au saundiba kuna jicho linalosoma mwako huo. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini kuna maswali mawili tofauti. La kwanza, je, mwanga unafika? La pili, je, anayeupokea anaelewa kilichoandikwa ndani yake? Taa nyekundu inajibu swali la kwanza peke yake.

Kabla ya kugusa waya

Rudisha sauti kwenye spika za runinga yenyewe, ucheze kipindi kilekile kilichokuwa kimya. Kama hata spika za runinga hazitoi sauti, acha waya kabisa. Tatizo liko kwenye king'amuzi, kwenye faili la filamu, au umebonyeza kitufe cha kunyamazisha. Nimewahi kumkuta kijana wa Katubuka amekwishafungua sabufa yote mezani, wakati king'amuzi ndicho kilichonyamazishwa kwa rimoti yake.

Kama runinga inatoa sauti yenyewe lakini sabufa haitoi, endelea na dalili inayofanana na yako.

Dalili: hakuna sauti, na hakuna mwanga kwenye ncha ya waya

Hapa ndipo kipimo cha taa nyekundu kinapofanya kazi. Washa runinga, isiwe kwenye usingizi wa rimoti. Acha waya umechomekwa kwenye runinga, kisha uchomoe upande wa sabufa. Funga pazia, ushike ncha karibu na kiganja au karatasi nyeupe. Ukiona nukta nyekundu ndogo inayong'aa, mwanga umefika. Huhitaji kamera ya simu kama watu wanavyofanya kupima rimoti. Mwanga wa rimoti hauonekani kwa macho, huu unaonekana.

Upokelee kwenye karatasi, usiukodolee macho moja kwa moja kwa muda mrefu. Na tafadhali shika tofauti hii: kipimo hiki ni cha waya wa sauti tu. Waya wa faiba wa intaneti unaoingia nyumbani au ofisini hutumia mwanga wa leza ambao jicho haliuoni kabisa, na unaweza kuliumiza jicho bila wewe kuhisi. Usiuchomoe ukachungulia, hata kama unafanana na huu wa runinga.

Kama ncha ni giza, chomoa waya kwenye runinga pia uangalie tundu lenyewe. Matundu mengi yana kimlango kidogo cha plastiki, na mwanga huvuja pembeni mwake ukiwa kwenye giza. Kuna majibu mawili.

Tundu linawaka, ncha ni giza. Basi mwanga unapotelea njiani, na sababu ya kwanza ni kifuniko. Waya mpya huja na vikofia vidogo vya plastiki kwenye ncha zote mbili, mara nyingi visivyo na rangi, kwa hiyo mtu haoni kama vipo. Vivute vyote viwili. Sababu ya pili ni kichwa kutokuingia vizuri, na hili linataka maelezo.

Kichwa cha waya huu si mraba kamili. Kina upande mmoja bapa, na upande wa pili pembe zake mbili zimekatwa, kama umbo la kibanda chenye paa. Tundu nalo lina umbo hilohilo. Kwenye runinga iliyotundikwa ukutani mtu huingiza mkono nyuma na kusukuma kwa kupapasa, na kichwa kikiwa kimegeuka hakitaingia, au kitaingia nusu kwa kulazimishwa na kuvunja kimlango. Chukua simu, washa kamera, ipitishe nyuma ya runinga upige picha ya tundu kwanza. Ukishajua upande bapa uko wapi, sukuma taratibu kwa kunyoosha. Utasikia kimlio kidogo cha kushika, na ukikivuta kidogo kitakataa kabla ya kuachia. Kikitoka bila kukataa, hakikuwa kimeingia.

Kama kichwa kimekaa na ncha bado ni giza, pima waya peke yake. Uchomoe pande zote mbili, weka tochi ya simu kwenye ncha moja, uangalie nyingine. Waya mzima utatoa nukta nyeupe yenye nguvu. Giza au mwanga hafifu sana maana yake uzi umekatika ndani. Waya wa umeme ukikatika unaweza kuunganishwa, huu hauungwi kwa mkanda wala kwa moto. Nunua mwingine. Nyaya nyingi zinazofika huku kwa treni ya Reli ya Kati au kwa basi huwa zimekunjwa kwa nguvu ndani ya mzigo, na kukunjwa kwa kona kali ndiko kunakovunja uzi. Kabla ya kulipa dukani, omba uupime kwa tochi ya simu hapohapo. Ni kazi ya nusu dakika.

Jibu la pili ni tundu lenyewe kuwa giza. Usiseme bado kwamba limekufa. Runinga nyingine huwasha taa hiyo muda wote ikiwa hewani, nyingine huiwasha tu ukiichagua kwenye mpangilio. Ingia kwenye `Settings`, kisha `Sound`, kisha `Sound Output` au jina linalokaribia hilo, uchague `Optical`. Angalia pia kama runinga imejiunga na spika ya bluetooth au redio ya jirani, kwa sababu runinga nyingi zikituma sauti kwa bluetooth hunyamazisha matundu mengine. Kata bluetooth, zima runinga ukutani kwa dakika mbili, washa upya, uangalie tena. Tundu likibaki giza baada ya hayo yote, ruka mpaka sehemu ya mwisho.

Na hakikisha tundu unaloangalia ni la kutoa. Penye `OUT` ndipo panapowaka. Penye `IN`, yaani upande wa sabufa au saundiba, pako giza siku zote na ndivyo panavyotakiwa kuwa. Ukikuta matundu yote mawili unayotaka kuunganisha yanawaka, umeunganisha mtoaji na mtoaji, kwa mfano king'amuzi na runinga, na hapo hakuna anayesikiliza.

Dalili: taa ipo, lakini habari zinasikika na filamu hazisikiki

Hii ndiyo dalili ninayotaka tuikalie, kwa sababu ndiyo inayomaliza hela za watu kwenye nyaya.

Nieleze kisa kimoja cha Gungu. Jirani mmoja alinunua runinga mpya ya inchi 43. Sabufa yake ni ya zamani, ina matundu ya pini nyekundu na nyeupe, na runinga mpya haikuwa na matundu hayo wala tundu la hedifoni. Dukani wakampa kiboksi kidogo cha kugeuza: upande mmoja unaingia waya wa optiko, upande wa pili zinatoka pini nyekundu na nyeupe, na kinapata umeme wa volti 5 kutoka kwenye tundu la `USB`. Akafunga mwenyewe, taarifa ya habari ikasikika vizuri, akafurahi. Usiku watoto wakaweka filamu kwenye flashi. Kimya. Akarudi kwenye chaneli, sauti ikarudi. Akaweka filamu tena, kimya.

Asubuhi akabadilisha waya. Hali ileile. Akanunua kiboksi kingine. Hali ileile. Aliponiita akaniambia, "Kaka, nadhani tundu la runinga linachagua linalotaka."

Hakukosea sana. Nilichomoa waya upande wa kiboksi wakati filamu inacheza, nukta nyekundu ikang'aa kwenye kiganja changu. Nikarudi kwenye chaneli, ikang'aa vilevile. Kwa macho hakuna tofauti, na haiwezi kuwepo, kwa sababu taa hiyo inawakawaka kasi mno jicho lisiweze kuifuata. Kwa hiyo njia ilikuwa nzima. Nikairudisha sauti kwenye spika za runinga, filamu ikasikika. Kwa hiyo faili nalo lilikuwa zima na runinga iliweza kulisoma. Kilichobaki ni muundo.

Waya wa optiko unaweza kubeba sauti kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza inaitwa PCM: sauti imeshafunguliwa, iko wazi, njia mbili tu, kushoto na kulia. Ya pili ni sauti iliyofungashwa, kama Dolby Digital au DTS, ambayo inaweza kuwa na njia sita ndani yake, lakini lazima anayeipokea awe na uwezo wa kuifungua. Vile viboksi vidogo vya kugeuza vinajua PCM peke yake. Ukikipelekea Dolby Digital, kizuri zaidi kitanyamaza, na kibaya zaidi kitatoa mkwaruzo mkali unaoweza kuharibu spika za sabufa ikiwa sauti imepandishwa.

Sasa kwa nini habari zilisikika? Kwa sababu sauti ya chaneli ile ilikuwa ya njia mbili, na runinga iliifungua yenyewe ikaituma kama PCM. Filamu ya flashi ilikuwa na sauti ya Dolby Digital ya njia sita. Mpangilio wa runinga ulikuwa `Auto`, maana yake ni "nitaituma kama nilivyoipata". Ikaipitisha bila kuifungua, kiboksi kikapokea kitu kisichokifahamu.

Tiba yake ni hii. Shusha kwanza sauti ya sabufa. Ingia `Settings`, `Sound`, halafu tafuta mstari unaoitwa `Digital Audio Out`, `Digital Sound Output` au `Digital Output Audio Format`, kutegemea kampuni. Wakati mwingine umefichwa ndani ya `Expert Settings` au `Advanced Settings`. Utakuta maneno kama `Auto`, `Pass Through`, `Bitstream`, `Dolby Digital` na `PCM`. Chagua `PCM`. Pale Gungu sauti ya filamu ilirudi kabla sijaweka rimoti mezani.

Ikiwa filamu au chaneli inatoka kwenye king'amuzi au mashine ya DVD, ingia pia kwenye mpangilio wa kifaa hicho, kwa sababu nacho kina chaguo lake la muundo wa sauti. Unaweza kuwa umebadilisha runinga, kumbe waya wako umechomekwa nyuma ya king'amuzi. Badilisha pale waya unapoanzia. Waya ukianzia kwenye runinga na king'amuzi kimeungwa kwa `HDMI`, ni vyema kuweka `PCM` au `Stereo` kote kuwili mpaka sauti itoke, halafu uangalie kama unahitaji kitu kingine.

Kuna filamu chache ambazo hata hapo zitakuwa kimya. Hizo mara nyingi zina sauti ya DTS, na runinga nyingi haziwezi kuifungua, kwa hiyo hata kwa `PCM` hazina cha kutuma. Utaitambua kwa sababu spika za runinga zenyewe zitanyamaza kwenye faili hilo, na pengine maandishi yatatokea kwamba sauti haikubaliki. Bonyeza kitufe cha kubadilisha lugha ya sauti, huenda faili lina wimbo wa sauti wa pili ulio rahisi. Kama hauna, mwenye kompyuta anaweza kuibadilisha sauti peke yake bila kugusa picha, kwa programu ya bure ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i filamu.mkv -c:v copy -c:a aac -ac 2 filamu2.mkv
```

Amri hiyo inaacha picha kama ilivyo, inabadilisha sauti kuwa ya njia mbili, na inaacha faili la zamani bila kuliharibu. Jaribu faili jipya kabla ya kufuta la awali.

Kwa mwenye saundiba au hom thieta inayofungua Dolby Digital yenyewe, mambo yanageuka. Huyo akiweka `PCM` atapata sauti, lakini njia mbili tu, na spika zake za nyuma zitakaa bure au zitajaziwa kwa kukisia. Yeye ajaribu `Auto` au `Dolby Digital`. Asitegemee zaidi ya hapo, kwani miundo mikubwa zaidi ya sauti, kama ile ya diski za Blu-ray isiyopunguzwa, haipiti kwenye waya wa optiko. Hiyo inahitaji `HDMI`.

Dalili: taa ipo, kimya kwenye kila kipindi

Kama umeshaweka `PCM` na hata taarifa ya habari haisikiki, angalia upande wa kupokea. Sababu inayoongoza ni chanzo kutochaguliwa. Saundiba haihami yenyewe kila wakati. Bonyeza kitufe cha chanzo mpaka kioo kiandike `OPT`, `OPTICAL`, `D.IN` au `TV`, kutegemea kampuni. Sabufa inayotumia kiboksi inatakiwa iwe kwenye `AUX`, si kwenye bluetooth wala redio.

Kisha angalia kiboksi chenyewe. Kina taa yake ndogo ya umeme. Isipowaka, kihamishie kwenye chaja ya simu badala ya tundu la `USB` la runinga. Baadhi ya viboksi vina matundu mawili ya kuingizia, la optiko na la pini moja ya duara, pamoja na swichi ya kuchagua. Swichi hiyo hugongwa wakati wa kufagia nyuma ya meza, na hakuna anayekumbuka kwamba ipo.

Baada ya hapo pima pini nyekundu na nyeupe: zichomeke kwenye simu kupitia waya wa hedifoni upige wimbo. Sabufa ikilia, basi kuanzia pini kwenda mbele hakuna tatizo. Kilichobaki ni kiboksi. Azima kingine kabla ya kununua.

Anayetumia kompyuta yenye tundu la optiko aangalie jambo moja zaidi. Ukifungua mpangilio wa sauti ukakuta kasi imewekwa 192000 Hz, ishushe mpaka 48000 Hz. Vifaa vingi vya optiko haviifikii ile ya juu, na badala ya kulalamika hunyamaza.

Dalili: sauti inakatikakatika au inakwaruza kidogokidogo

Hapa mwanga unafika lakini ni dhaifu, na jicho la upande wa pili linapoteza maneno katikati. Linganisha: angalia nukta nyekundu kwenye ncha ya waya, kisha angalia tundu lenyewe. Nukta ikiwa hafifu mno ukilinganisha na tundu, kuna kinachoula mwanga.

Kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza, vumbi ndilo la kushuku kwanza. Futa ncha ya waya kwa kitambaa laini kikavu cha miwani. Tundu lipulizie kwa kipulizio cha mpira cha kusafishia kamera, runinga ikiwa imezimwa ukutani. Usipulize kwa mdomo kwa sababu mate huingia, na usiingize njiti ya kiberiti, sindano wala pamba iliyoloanishwa spiriti. Ncha ile ni plastiki, na mkwaruzo mmoja unapunguza mwanga milele. Nyumba za karibu na ziwa, kule Kibirizi kwa mfano, nimekuta vidudu vimeziba matundu yasiyotumika. Usitupe vile vikofia vya plastiki. Tundu lisilotumika libaki limefunikwa.

Baada ya vumbi, angalia mkunjo. Runinga ikisukumwa karibu sana na ukuta, kichwa cha waya kinabanwa na waya unavunjika kona palepale unapotokea. Acha upinde wake uwe mpana, angalau kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Usiupigilie misumari ya nyaya kwa kuubana, na usiufunge kwa kamba ya plastiki mpaka ujikunje. Kama nafasi nyuma ni ndogo kweli, kuna adapta ya kona kwa kazi hiyo, ila nayo inakula mwanga kidogo.

La mwisho ni urefu. Mpaka mita 5 waya wa kawaida hufanya kazi bila shida. Kuelekea mita 10 unaanza kutegemea ubora wake. Na kuunganisha nyaya mbili fupi kwa kiungio cha katikati ni kubaya kuliko waya mmoja mrefu, kwa sababu kila mwanya mwanga unapoukuta unapotea. Dada mmoja wa Ujiji alikuwa ameunga vipande viwili ili kufikisha sauti sebule ya pili, sauti ikawa inakatika kila mlango ulipofungwa kwa nguvu. Waya mmoja wa mita 5 ulimaliza kazi.

Dalili: ilikuwa inalia, umeme ukakatika, uliporudi ikawa kimya

Waya wenyewe hauunguzwi na umeme, kwa kuwa ni plastiki na haupitishi umeme hata kidogo. Kwa hiyo usianze kwa kuubadilisha. Saundiba nyingi zikikatiwa umeme huwaka tena zikiwa kwenye bluetooth, na baadhi ya runinga hurudisha mpangilio wa sauti kwenye `Auto`. Rudisha chanzo, rudisha `PCM`, mara nyingi yataishia hapo. Kama hayakuisha, chomoa vifaa vyote ukutani kwa dakika tano, vichomeke upya ukianza na runinga, kisha kiboksi, kisha sabufa.

Kama umeme ulirudi kwa kishindo au radi ilipiga karibu, na tundu lililokuwa likiwaka sasa ni giza, huenda sehemu ya ndani imeungua. Hapo kazi yako imekwisha.

Wapi usimame umwite fundi

Simama kama tundu la runinga ni giza baada ya kuchagua `Optical`, kukata bluetooth na kuzima ukutani. Simama kama kimlango cha plastiki kimevunjika na kipande kimebaki ndani, kwa sababu ukikichokoa utakisukuma juu ya taa. Simama kama tundu lenyewe limelegea na linarudi ndani ukisukuma waya, maana limeng'oka kwenye bodi na linahitaji kuchomelewa. Na kama kuna harufu ya kuungua, chomoa ukutani usijaribu kuwasha tena hata mara moja.

Usifungue runinga mwenyewe. Bodi ya umeme ndani yake ina kapasita zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya wa ukutani, na zinaua. Sabufa kubwa nazo hivyohivyo. Runinga ikiwa bado ina dhamana, kuifungua ni kuipoteza.

Ukimpigia fundi, mwambie mambo manne: kama ncha ya waya inawaka, kama tundu linawaka, kama spika za runinga zinalia, na kama kimya ni kwa vipindi vyote au baadhi. Kwa majibu hayo atajua kama aje na waya, na kiboksi, au na chuma cha kuchomelea. Wakati unamsubiri, kama runinga yako ina tundu la hedifoni, tumia waya wa pini tatu, moja ndogo kwenye runinga na mbili, nyekundu na nyeupe, kwenye `AUX` ya sabufa. Utapata sauti ya njia mbili, na utaipandisha na kuishusha kwa rimoti ya runinga.